Mistari Tisa ya Wifi

Wifi yangu sijawahi kumpenda, na sitaki mtu aanze kusoma hapa akidhani nilikuwa na nia njema. Siku naolewa, yeye ndiye aliyenipokea mlangoni, akaniangalia viatu kabla ya uso. Tangu hapo tumeishi kwa adabu tu: salamu, chai, pole ya msiba, basi. Kwa hiyo baba mkwe aliponiita Jumatatu na kuniambia anahisi kuna pesa zinatoka mara mbili kiwandani, sikuhuzunika hata kidogo. Nilifurahi. Nilificha furaha yenyewe nyuma ya kikombe cha chai, lakini ilikuwepo.

Kiwanda ni cha sabuni za mche, zile za kufulia. Mzee alianza na pipa moja uani, leo ana wafanyakazi thelathini na wawili. Wifi, binti yake mkubwa, ndiye anayeshika fedha. Mume wangu, mdogo wake wifi, anazunguka kwa wateja, na kila mtu anamwita Meneja ingawa cheo hicho hakipo kwenye karatasi yoyote. Mimi si wa kiwandani. Ni mhasibu wa shule ya bweni, na wiki ile wanafunzi walikuwa likizo.

"Nimekutana na muuza magadi msibani," Mzee alisema. "Akanishika mkono, akacheka, akaniambia, 'Mzee, nyinyi mna pesa, deni moja mnalipa mara mbili.' Yeye alicheka, mwanangu. Mimi sikucheka."

"Hukumuuliza ni lini, Baba?"

"Niulize nini mbele za watu? Nianikwe?" Alisogeza sampuli za sabuni pembeni ili nipate pa kuweka kikombe. "Mwisho wa mwezi huu napumzika. Saini ya benki nitamwachia mmoja tu kati ya hawa wawili. Nilishaamua iwe dada mtu. Sasa kabla sijaharibu, nitazamie mwaka mzima. Wewe kompyuta unazijua. Jumamosi saa nne tukae hapa, sisi wanne. Atakayeonekana amefanya haya, atatoka kiwandani, hata kama nimemzaa mwenyewe."

Sikuhitaji kuelezwa zaidi. Miaka miwili nyuma Meneja alimkopesha sabuni mteja aliyehama mji usiku mmoja na duka lake lote, na Mzee akamwambia wazi kwamba kosa la pili litakuwa la mwisho. Nyumba tunayokaa ni ya kiwanda. Karo ya watoto inatoka kiwandani. Dada mtu akitoka, saini inakuja kwetu na mimi nalala usingizi. Nilipiga hesabu hiyo kabla sijamaliza chai, na sioni haya kuisema.

Jumanne asubuhi nikapewa stetimenti ya mwaka mzima, faili moja la ekseli kutoka benki. Wifi mwenyewe ndiye aliyenitumia. Kisha akaja mpaka nyumbani kwangu, jambo ambalo hafanyi, amebeba boksi la ankara kichwani kama mtu anayehama.

"Wifi, hizi ndizo ankara zote," alisema akitua boksi juu ya meza yangu ya kulia. "Nimezipanga kwa miezi."

"Ahsante wifi. Ungempa mtu tu alete."

"Aa, nimeona nije." Alisimama. Akafuta vumbi ambalo halikuwepo kwenye kifuniko cha boksi. "Ukimaliza, naomba unionyeshe mimi kwanza. Kabla ya Baba."

Jamani! Mtu msafi anaomba aonyeshwe kwanza kwa sababu gani? Nikamwambia hakuna shida, wifi yangu, na moyoni nikaandika jina lake kwa kalamu nyekundu. Alipoondoka nikakumbuka kwamba mwaka huo nilimwona mara mbili amesimama nje ya ukuta wa kiwanda anaongea na simu kwa sauti ya chini, na kila nilipokaribia alikata. Lisemwalo lipo, nikajiambia, na kama halipo laja.

Faili lilikuwa na mistari elfu moja na arobaini na sita. Kila mstari una tarehe, maelezo, namba ya ankara aliyochapa mlipaji, pesa iliyotoka, pesa iliyoingia na salio. Kanuni ya kwanza niliyofundishwa ni kutogusa faili la asili, kwa hiyo nililitoa nakala na kufanyia kazi nakala. Mzee hasomi kwenye kioo, anataka karatasi, na karatasi ina upana wake. Nikaondoa safu ya pesa zilizoingia, maana tulikuwa tunatafuta zilizotoka. Nikaondoa salio. Nikachuja makato ya benki, yale madogo madogo ya kila muamala, nikayafuta. Nikabaki na malipo mia tano thelathini na manane.

Kisha maelezo. Benki inaandika ovyo: kila mstari unaanza na herufi mbili na mkwaju, MT/ au SM/, halafu jina la aliyelipwa jinsi mlipaji alivyolichapa siku hiyo. Muuza maboksi peke yake alikuwa na sura nne. Mara "MABOKSI", mara "MABOKSI NA KARATASI", mara nafasi mbili katikati, mara nafasi mwishoni ambayo jicho halioni lakini kompyuta inaiona, nayo inakwambia haya ni majina mawili tofauti. Nikaweka fomula ya kukata zile herufi tatu za mwanzo, nyingine ya kuondoa nafasi zilizozidi, na pale fomula iliposhindwa nikaandika kwa mkono jina fupi la kila mtu: mafuta, magadi, maboksi, manukato, lori. Matokeo nikayageuza kuwa maandishi ya kawaida, safu ya zamani nikaitupa. Ukurasa ukapendeza.

Meneja alirudi mchana kula akanikuta hapo.

"Bado unahangaika na hayo?" aliuliza. "Mke wangu, achana nayo. Mambo ya benki hayo, mashine zinakosea."

"Mashine haikosei kwa magadi peke yake."

"Nakwambia tu. Utaigombanisha nyumba nzima."

Nikamwona ana huruma na dada yake, damu nzito kuliko maji. Nikamwambia mboga zinapoa.

Jumatano nikapanga. Ni kazi rahisi hii, watu wanaiogopa bure. Unaipanga orodha kwanza kwa jina la aliyelipwa, ndani ya jina unapanga kwa kiasi, ndani ya kiasi unapanga kwa tarehe. Hapo malipo yanayofanana yanakaa jirani yenyewe. Kisha pembeni unaweka fomula inayosema: kama jina la mstari huu ni sawa na la mstari wa juu yake, na kiasi nacho ni sawa, andika ANGALIA, la sivyo acha wazi. Unaiburuta mpaka chini. Safu ya pili nikaweka kutoa tarehe ya juu kutoka tarehe ya chini, ili nijue siku ngapi zimepita kati ya malipo mawili.

ANGALIA zikatokea sitini na tatu. Nikasimama nikazunguka meza. Sitini na tatu! Wifi amejenga ghorofa wapi?

Lakini uhasibu haukubali pupa. Nikazisoma moja moja. Kodi ya ghala hulipwa kiasi kilekile kila mwezi. Malipo kumi na mawili yanatoa ANGALIA kumi na moja, kwa sababu la kwanza halina mwenzake juu yake. Walinzi, kumi na moja. Wazoa taka, kumi na moja. Safu ya siku ikaonyesha thelathini, thelathini na moja, ishirini na tisa. Hao si wezi, hao ni mwezi unavyokwenda. Zikabaki thelathini. Hapo nikafungua boksi la ankara. Lori lilikuwa na nauli ileile kila safari, mafuta pipa kwa bei ileile, lakini kila safari ilikuwa na ankara yake na kila pipa lilikuwa na namba yake. Kulipa kiasi kilekile mara mbili si kosa kama mzigo umekuja mara mbili. Nikafuta ishirini na moja.

Zikabaki tisa.

Tisa hizi zilikuwa na malipo mawili na ankara moja. Siku kati yake: mbili, nne, sita, hazikuzidi kumi. Nikajaribu kuzitetea, kweli, maana nilitaka nikifika kwa Mzee nisiwe na tundu. Nilizitazama namba za ankara zilizochapwa benki: moja imeandikwa 0457, mwenzake 457 bila sifuri, nyingine haina namba kabisa, ina neno "maboksi" tu. Ndiyo maana benki haikupiga kelele, na ndiyo maana wifi, nikasema, alijua pa kujifichia. Nikajumlisha yale malipo ya pili: milioni sita na laki nane na ushee. Nikayapaka rangi ya njano na kuyachapisha kwenye karatasi moja safi. Mistari tisa.

Siku ya Alhamisi nilipika vizuri sana.

Ijumaa asubuhi nikataka kupigilia msumari wa mwisho. Nikampigia muuza maboksi. Nilijitambulisha, nikamwambia nakagua hesabu, nikamuuliza kama aliwahi kulipwa ankara namba 457 mara mbili.

"Ndiyo mama," alijibu bila hata kufikiri. "Lakini hiyo si nilisharudisha?"

"Ulirudisha? Kwa nani?"

"Kwenu. Yule dada wa hesabu alikuja mwenyewe hapa dukani, kanikalia kooni mpaka nikarudisha. Akaniomba nisimwambie mtu. Nikamwambia dada, mimi wa kumwambia nani?"

Nilimshukuru nikakata simu. Sasa mchezo niliuona wote. Analipa mara mbili, kisha anakwenda kwa muuzaji anachukua ya pili mkononi, na anamwomba anyamaze. Kumbe zile simu za nje ya ukuta zilikuwa za kazi hiyo. Mwizi siku zake arobaini, na za wifi zilikuwa zimetimia.

Kilichobaki ni kuthibitisha kwamba pesa haikuingia benki. Nikafungua faili la asili, lile lenye safu zote, nikatafuta kwenye pesa zilizoingia kiasi kilekile cha maboksi. Nilitegemea kompyuta iniambie haipo.

Ilikuwepo. Siku tisa baada ya malipo ya pili, kiasi kamili mpaka senti, na maelezo: REJESHO MABOKSI.

Nikatafuta ya magadi. Ipo. Manukato, ipo. Nikaweka fomula ya kuhesabu, ile ya COUNTIFS, ihesabu kwa kila moja ya yale malipo tisa ni mara ngapi kiasi kama chake kimeingia baada ya tarehe yake. Saba zikajibu moja. Mbili zikajibu sifuri. Nikarudi kwenye boksi la ankara kwa hizo mbili: ya mafuta, muuzaji alikuwa amekata deni kwenye ankara iliyofuata, na pembeni kuna mwandiko wa wifi, mdogo na wima, "tumelipa ziada, amepunguza". Ya tisa ilikuwa ya lori, ya mwezi uliopita tu, na nyuma ya ankara kulikuwa na orodha ya tarehe alizompigia mwenye lori. Kumi na moja.

Nikaichukua tena ile karatasi yangu ya njano. Mwizi gani anayerudisha pesa yote? Na kama anarudisha, kwa nini alipe mara mbili?

Hapo ndipo nilipoziona zile herufi mbili. Kwenye nakala yangu nilikuwa nimezikata ili majina yafanane, lakini kwenye faili la asili zilikuwepo kila mstari: MT/ na SM/. Nikapiga simu benki, nikaulizia kama mteja asiyejua kitu. Msichana wa huduma akanijibu kwa upole: MT ni malipo yaliyofanywa kwenye mtandao, kwa kompyuta, SM ni yaliyofanywa kwa simu ya mkononi. Nikamuuliza akaunti ya kiwanda ina simu ngapi zilizosajiliwa. Akasema hilo ataliambia mwenye akaunti tu. Sikuhitaji aniambie. Wifi ana simu ya vitufe, hataki nyingine, anasema hizi kubwa zinamla mtu akili. Mzee simu yake ni ya kupokelea tu. Aliyebaki ni mmoja, yule aliyeunganishiwa benki kwenye simu kwa ajili ya dharura za safarini.

Nikachuja SM peke yake. Mwaka mzima kulikuwa na malipo ishirini na manne tu ya simu. Tisa kati yake yalikuwa ndani ya jozi zangu tisa, moja katika kila jozi. Kwenye jozi saba simu ilikuja ya pili: wifi ameshalipa kwa kompyuta, simu ikalipa tena. Kwenye mbili simu ilitangulia bila kumwambia mtu, na wifi akalipa ankara ilipomfikia mezani.

Nikazisoma tarehe polepole, na tarehe moja nikaifahamu. Ilikuwa siku ya kuzaliwa ya mwanangu wa pili. Tulikuwa tumekaa mezani, simu ya Meneja inaita, inakatwa, inaita. Muuza magadi analia njaa. Meneja akasema, "Sijui kama dada ameshamlipa." Na mimi, kwa mdomo wangu huu, nikamwambia, "Si umlipe tu bwana, atuache tule!" Akalipa kwa kidole gumba na kijiko kikiwa mkono wa pili. Nikamsifu. Nikawaambia watoto, mnamwona baba yenu, halazi deni.

Nyani haoni kundule, wanasema. Mimi nililiona, na nilikuwa nimelichapisha kwa rangi.

Meneja alirudi saa kumi. Sikumpa hata nafasi ya kuvua viatu. Nikageuza kompyuta, nikamwonyesha. Alitazama kioo muda mrefu kuliko ulivyohitajika kusoma mistari tisa.

"Ulijua," nilisema.

"Dada aliniambia ile ya kwanza. Nikamwomba asimwambie Baba. Nikasema sitarudia." Akakaa kwenye mkono wa kochi. "Wananipigia mimi, unaelewa? Mimi ndiye Meneja. Mtu ananiambia lori limezimika njiani kwa sababu sijamlipa, nimjibu nini? Ngoja nimuulize dada yangu?"

"Ndiyo. Hivyo hivyo. Ngoja nimuulize dada yangu."

Nilimwangalia mwanamume niliyezaa naye, na hasira iliyonipanda haikuwa ya zile pesa. Tangu Jumanne anakula chakula changu huku akiniona nachimba kaburi la dada yake. Hakusema kitu. Alisema mashine zinakosea.

"Karatasi ya Baba umeshachapisha?" aliuliza.

"Nimechapisha."

"Ile isiyo na safu ya pesa zilizoingia?"

"Ile."

"Basi si iache ilivyo? Dada ana mume, ana shamba, hatakufa njaa. Sisi tuna nini? Nyumba hii si yetu. Mimi ni mumeo, mama watoto. Sikwambii udanganye. Nakwambia usiongeze kitu."

Nitasema ukweli: nililifikiria. Karatasi ilikuwa tayari, haina uongo hata mmoja, kila namba juu yake ni sahihi. Wiki nzima nilikuwa nimemtaka wifi atoke, na sasa nilihitaji tu kunyamaza. Nilikwenda jikoni nikaosha vyombo visafi. Niliporudi Meneja alikuwa ameshatoka, na mimi nilikuwa bado sijaamua.

Jumamosi saa nne tulikaa wanne kwenye ofisi ya Mzee, harufu ya sabuni inakwangua koo. Kwenye mkoba nilikuwa na karatasi mbili: ile ya njano, na nyingine niliyochapisha alfajiri yenye safu zote, na zile herufi mbili mbele ya kila jina. Mkono wangu ulitoa ya njano. Mungu ananiona. Ndiyo iliyotoka.

Mzee alivaa miwani, akaipitia kwa ukucha, mstari kwa mstari, bila haraka. Meneja alitazama sakafu. Wifi alitazama dirisha, mikono amekunja mapajani.

"Tisa," Mzee alisema mwishowe. "Malipo tisa ya bure. Nani alilipa?"

Nje mashine ya kukata miche ilikuwa inagonga, inanyamaza, inagonga.

"Nauliza nani alilipa?"

"Ni mimi, Baba," alisema wifi.

Aliisema kama mtu anayetaja ni saa ngapi. Hakumtazama mdogo wake. Mdogo wake hakuinua kichwa.

"Wewe?" Mzee alivua miwani. Sauti ilimtoka imechoka, si ya hasira. "Niliyekuwa nakupa saini?"

"Mimi, Baba. Mambo yaliniwia mengi."

Nilisubiri Meneja aseme. Naapa nilimsubiri, nilihesabu mapigo ya ile mashine, nikamwambia moyoni sema, sema wewe, usinifanye mimi niseme. Aliinua mkono akajipangusa shingo, akaurudisha mapajani.

"Muongo," nilisema. Wote wakanigeukia, na nadhani Mzee alifikiri natukana. "Wifi anadanganya, Baba. Si yeye. Hiyo karatasi niliyokupa nimeikata. Kamili ni hii."

Nikaiweka juu ya ile ya kwanza. Nilimwonyesha herufi, nikamweleza ipi ni kompyuta na ipi ni simu. Nilimwonyesha pesa zilizorudi, saba, na ile iliyopunguzwa kwenye mafuta, na ya lori ambayo wifi alikuwa bado anaifukuzia. Nilisema simu ni ya nani. Nikasema pia kwamba ya magadi nilikuwepo, na mimi ndiye niliyemwambia alipe. Nilisema yote kwa pumzi moja, maana ningesimama nisingeweza kuendelea.

Mzee hakupiga kelele. Alimgeukia mwanawe, akanyoosha kiganja.

"Lete simu."

Meneja akaleta. Mzee akamrudishia. "Mimi hizi siziwezi. Ifute wewe mwenyewe hiyo ya benki, mbele yangu." Tukamwangalia akiifuta, kidole kinateleza, anarudia. "Kutoka leo mtu akikupigia umwambie akampigie dada yako. Ukiona aibu kusema hivyo, Jumatatu usije. Ukiweza, njoo saa mbili kama wenzako." Akamgeukia binti yake. "Na wewe, saini ni yako. Lakini umenificha mwaka mzima. Hilo tutaliongea mimi na wewe."

Ndivyo ilivyokwisha, kwa maneno machache kuliko niliyoyaogopa wiki nzima. Hakumfukuza. Hakututoa kwenye nyumba. Nilitoka nje, nikasimama kwenye kivuli cha ukuta wa ghala, na wifi akanifuata. Nilidhani anakuja kunishukuru. Nilikuwa hata nimeshaandaa uso wa kunyenyekea, wa kusema usijali wifi.

"Nani alikutuma?" alisema.

"Wifi?"

"Nilikwambia unionyeshe mimi kwanza. Nikakuletea ankara mpaka mlangoni, na kichwani nimebeba, ili unionyeshe mimi kwanza. Ungenionyesha, ningekwambia." Macho yalikuwa mekundu lakini sauti ilikuwa ileile ya siku zote. "Mwaka mzima nazunguka kwenye maduka ya watu kama mdaiwa, naomba, nanyenyekea, unadhani nilikuwa namwogopa Baba?"

"Mzee alisema kosa la pili..."

"Baba anasema. Baba amesema hivyo tangu tukiwa wadogo. Umemwona leo, amemfukuza?" Akatikisa kichwa. "Mdogo wangu alikuja kwangu analia, mwanamume mzima. Hakusema Baba asijue. Alisema, 'Dada, mke wangu asijue. Akijua hatanisamehe.' Ni wewe tuliyekuwa tunakuogopa, wifi. Wote wawili."

Akaniacha hapo, akarudi ofisini kwake.

Upande wa pili wa uwanja Meneja alikuwa amekaa juu ya maboksi matupu, simu mkononi, hapigi wala hasomi. Aliponiona alisimama, kisha akasita, akanitazama usoni jinsi watoto wanavyonitazama wanapovunja kitu, kujua kwanza nimekuja vipi. Nilikuwa nimeshawahi kuuona mtazamo ule kwake, mara nyingi, na kila mara nilidhani ni heshima. Nikaanza kuvuka uwanja kumwendea, na hatua zote zile sikujua nitafika na uso gani.